Nikiwatishia TRA kwenye barua ya malalamiko, itanigeukia?

*"Mimi ni mhudumu wa pampu kwenye sheli, mshahara wangu 400,000. Mwezi uliopita nimekatwa 180,000, wanasema ni shoti ya zamu yangu, wakati mimi nilikabidhi hela kamili. Nimeandika barua kwa meneja. Nimesema msimamizi ni mwizi na anagawana na mhasibu, wenzangu wote wanajua. Nimewapa siku tatu warudishe, la sivyo nawapeleka TRA maana kuna siku tunauza bila risiti, naanika kila kitu mtandaoni, na kazi naacha. Rafiki yangu ameisoma akasema nisiipeleke, itanigeukia. Ni kweli? Nitoe kipi, nibakize kipi?"*

Ni kweli, ndugu yangu, na umshukuru huyo rafiki. Barua hiyo usiipeleke kama ilivyo. Ila usielewe vibaya: hakuna anayekuambia unyamaze, wala dai lako si dhaifu. Dai lako lina nguvu kuliko unavyojua, na ndiyo sababu inauma kuliona limefunikwa na maneno ambayo mwajiri atayashika yeye na kuacha kuzungumzia hela yako. Tuanze na hela, kwa sababu ukishaona ulivyosimama vizuri kwenye hilo, utaona mwenyewe yale mengine huyahitaji.

Hapa Tanzania makato ya shoti yamewekewa masharti na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anaweza kukata mshahara kufidia hasara, lakini hasara hiyo lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Kabla ya kukata, anatakiwa akueleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na namna alivyolikokotoa, kisha akupe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Robo ya 400,000 ni 100,000. Wewe umekatwa 180,000. Kwa hiyo hata kama shoti ingekuwa ya kweli na kosa lingekuwa lako, 80,000 zimekatwa kupita kiwango. Na kama hukupewa maandishi wala hukuitwa kujieleza, basi 180,000 zote zinaweza kupingwa, si zile 80,000 tu. Angalia vizuri: katika hoja yote hii hakuna mahali tulipohitaji kusema nani mwizi. Mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini alikata, na wewe unamwuliza swali ambalo sheria imemtaka awe na jibu lake kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye TRA, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kote.

Watu wengi hufikiri hivi: kukwepa kodi ni kosa, kuripoti kosa ni haki ya kila raia, basi kumwambia mtu kwamba nitakuripoti hakuwezi kuwa kosa. Vipande viwili vya kwanza ni sahihi. Cha tatu ndicho kinachowaponza. Kuripoti ni jambo moja, na kuuza ukimya wako ni jambo lingine kabisa. Ukiandika "rudisheni hela yangu, la sivyo naenda TRA", soma maana yake kwa utulivu: mkinilipa, siendi. Umeliwekea kosa la kodi bei, na bei yenyewe ni 180,000. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kumpelekea mtu maandishi ya kudai kitu bila sababu ya msingi, yakiwa na tishio la madhara ya aina yoyote asipotimiza, kwa nia ya kujipatia kitu kutoka kwake. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Kuna kosa jingine la jirani yake, la kutishia kumtuhumu mtu jinai ili utoe kitu kwake.

Utaniambia, "Lakini mimi nadai haki yangu, sababu ya msingi ninayo." Ndiyo, na hilo lingekuwa utetezi wako, tena utetezi mzuri. Lakini utetezi hutolewa baada ya mtu kuitwa. Kwa nini ujiweke mahali pa kujitetea kwa ajili ya sentensi moja isiyoongeza hata shilingi kwenye dai lako? Kipimo chepesi ninachokupa ni hiki: jiulize kama yule unayemtishia mwajiri kwamba utamwendea ndiye mwenye kazi ya kuamua dai unalodai. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, kazi yake ni migogoro ya kazi, makato ya mshahara yakiwemo. Kumwambia mwajiri kwamba asipojibu utaipeleka CMA si tishio, ni taarifa ya hatua inayofuata. TRA haiamui mishahara. Polisi hawaamui mishahara. Mke wa meneja haamui mishahara, wala mchungaji wake, wala kampuni inayomletea mafuta. Ukimtaja yeyote kati ya hao karibu na neno "la sivyo", umetoka kwenye kudai umeingia kwenye kushinikiza.

Na kwako wewe kuna jambo la pili ambalo huenda hukuliona. Anayeshika pampu ni nani? Anayepaswa kumpa mteja risiti ya EFD pale kituoni ni nani? Umeandika "tunauza bila risiti". Hiyo "tu" ni wewe. Umeweka sahihi kwenye karatasi inayosema ulishiriki mauzo yasiyo na risiti, ukakaa kimya miezi yote, ukakumbuka siku ulipokatwa. Meneja akiamua kukusumbua, hatahitaji kutafuta ushahidi mbali. Atakuuliza kwenye kikao cha nidhamu: ni siku zipi hizo ulizouza bila risiti, na hela yake ilikwenda wapi? Hapo wewe uliyekuwa mlalamikaji umegeuka mtuhumiwa, na lile suala la shoti limepata maelezo yanayompendeza mwajiri.

Kama kweli unaona kodi inaibwa na dhamiri inakusumbua, mlango upo. Peleka taarifa TRA, au kama ni rushwa piga TAKUKURU namba 113, ambayo ni bure. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu za kuamini kwamba anachosema ni kweli. Lakini taarifa hiyo ipeleke peke yake, kwa mamlaka inayohusika, bila kumwambia mwajiri na bila kuifunga na dai lolote. Siku ukiitumia kama fimbo ya kudaia, ile nia njema ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Na kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwa kwenye pampu, usiende kabla hujakaa na mwanasheria.

Tuhuma ya wizi nayo inahitaji muda kidogo.

"Msimamizi ni mwizi" si maelezo ya jambo lililotokea. Ni hukumu. Ukitoa hukumu, mzigo wa kuithibitisha unaubeba wewe. Msimamizi akifungua kesi ya madai ya kashfa, ukweli ni utetezi, ila ni wewe utakayeuthibitisha, na kuthibitisha kwamba mtu fulani alichukua fedha fulani kwa nia ya kuiba ni kazi hata polisi wenye mamlaka ya kupekua huwashinda. Wewe una nini mkononi? Una daftari la makabidhiano na hesabu ya mita. Hivyo vinathibitisha kwamba hela iliondoka kwako ikiwa kamili. Havithibitishi nani aliichukua baadaye.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya barua nzima, kwa hiyo tuiangalie kwa karibu. Tuseme ilikuwa tarehe 14 Machi, zamu ya jioni. Mita ya kuanzia na ya kumalizia, ukizidisha lita kwa bei, zinatoa mauzo ya 1,240,000. Saa 4 usiku ulihesabu 1,240,000 mbele ya msimamizi, ukaandika kwenye daftari, nyote wawili mkasaini. Hela ikaingia sefu. Saa 3 asubuhi mhasibu akahesabu, akapata 1,060,000. Pungufu ni 180,000.

Sasa linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Msimamizi aliiba 180,000 usiku." Ya pili: "Saa 4 usiku nilikabidhi 1,240,000, kama daftari linavyoonyesha kwa sahihi yangu na ya msimamizi wa zamu. Baada ya hapo sikuwa na ufunguo wa sefu wala sikuwepo kituoni. Naomba nielezwe hela ilikuwa mikononi mwa nani kati ya saa 4 usiku na saa 3 asubuhi." Hiyo ya pili haijamtuhumu mtu. Kila neno lake unaweza kuliapia. Lakini meneja yeyote akiisoma ataona palipo na tundu, tena ataliona mwenyewe, na mtu huamini zaidi alichokigundua kuliko alichoambiwa. Ya kwanza inampa msimamizi nafasi ya kuinuka na kusema jina lake limechafuliwa. Ya pili inamwacha na swali la kujibu.

Maneno ya kusikia, kama "anagawana na mhasibu, wenzangu wote wanajua", yatoe yote. Usidhani ukiongeza "inasemekana" au "nasikia" umejikinga. Anayerudia kashfa ya mwingine kwa maandishi ameitoa upya yeye, na atajibu yeye. Tena umemwingiza mhasibu, ambaye hesabu yake ya asubuhi ndiyo inayoonyesha kwamba upungufu ulionekana baada ya makabidhiano. Unamhitaji mtu huyo aseme ukweli bila kuogopa, na wewe umeshamgeuza adui. Hao "wenzangu wote" nao fikiria watakavyofanya wakiitwa mmoja mmoja ofisini kuulizwa wanajua nini. Wana watoto wa kusomesha. Watakuacha peke yako, na sentensi yako itaonekana ya uongo hata kama waliyasema kweli.

Wapo watakaosema barua ya ndani ya ofisi haiwezi kuwa kashfa kwa sababu haijatangazwa. Si sahihi sana. Kashfa haihitaji gazeti. Inatosha mtu wa tatu aisome. Kinachokulinda ni kitu kingine: malalamiko yaliyopelekwa kwa nia njema kwa mtu mwenye wajibu wa kuyashughulikia yana kinga. Kinga hiyo ina masharti, na hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuandika kwa chuki, yaani unajua si kweli au hujali kama ni kweli, ukitaka tu kumwumiza mtu. Ya pili ni kuipeleka kwa watu wasiohusika.

Ndiyo maana naomba uangalie mwisho wa rasimu yako, kwenye neno "Nakala". Watu hulijaza mstari huo kwa hasira: nakala kwa wafanyakazi wote, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa kundi la WhatsApp. Kila jina pale ni msomaji mmoja zaidi ambaye utaulizwa alihusika vipi. Barua yako inahitaji mpokeaji mmoja, meneja. Kama una chama cha wafanyakazi, nakala moja kwa mwakilishi wake kazini. Basi. Hata kumwonyesha mwenzako wa zamu picha ya barua kwenye simu si jambo dogo kama linavyoonekana.

Mitandao ni hatari zaidi. Kuandika "naanika kila kitu mtandaoni" kuna kasoro ileile ya TRA, yaani nilipe nisikuaibishe. Na kuanika kwenyewe kunaleta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mtu akichapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kutishia, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sheria hiyohiyo inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu. Kwa hiyo ule ujumbe wa saa 6 usiku kwenda kwa msimamizi, "utajuta", "subiri uone", "nakujua unapokaa", nao unahesabika, hata kama ulimaanisha tu kwamba utamshtaki. Anayesoma "utajuta" hakusikii sauti yako. Anayaona maneno, na wewe umempa hiari ya kuyatafsiri.

Halafu kuna "kazi naacha". Hili halina jinai ndani yake, na pengine ndilo lililowagharimu wafanyakazi wengi kuliko mengine yote. Wewe unaliandika kama shinikizo. Mwajiri aliyechoka nawe analisoma kama zawadi. Siku ya nne unapokea barua fupi: "Tumepokea taarifa yako ya kuacha kazi na tumeikubali." Sasa huna kazi, na ukienda CMA kusema umeachishwa isivyo halali watakuonyesha maandishi yako. Sheria inatambua mfanyakazi aliyelazimishwa kuacha kazi kwa sababu mwajiri alifanya mazingira yasivumilike, lakini hilo ni gumu kulithibitisha, na makato ya mwezi mmoja ambayo hujampa mwajiri nafasi ya kuyarekebisha mara chache yatatosha. Tena anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Ukiondoka ghafla, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo kwenye haki zako za mwisho. Ukishaamua kuondoka, andika barua ya kuacha kazi siku nyingine, kwa kichwa chake, baada ya kupata ushauri. Isikae pamoja na dai.

Nikupe na upande wa pili, usije ukadhani polisi wako mlangoni. Kwa barua ya mfanyakazi wa kawaida, mara nyingi kinachofuata si kesi ya jinai. Kinachofuata ni wito wa kikao cha nidhamu. Sheria haimruhusu mwajiri kukuachisha kazi kwa sababu umetumia haki uliyopewa na sheria, na kudai makato yako ni haki hiyo. Akikufukuza kwa sababu ya barua safi, atakuwa na kazi ngumu mbele ya CMA. Lakini barua yenye "mwizi" na "mtajuta" inampa sababu nyingine ya kuandika kwenye fomu: lugha ya matusi, vitisho kwa kiongozi, kuvunja uaminifu. Sababu ya kweli inajificha nyuma ya hiyo. Maneno uliyoyaandika ujilinde ndiyo yanayokuvua ulinzi uliokuwa nao.

Baada ya kuyatoa hayo, barua inabaki fupi. Ibaki fupi. Kiini chake kiwe hivi:

> YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA MAKATO YA SHILINGI 180,000 YA MSHAHARA WA MACHI
>
> Tarehe 31 Machi nililipwa mshahara ukiwa umekatwa shilingi 180,000 kwa maelezo ya upungufu wa mauzo ya zamu ya jioni ya tarehe 14 Machi.
>
> Siku hiyo saa 4 usiku nilikabidhi shilingi 1,240,000, sawa na mauzo kwa mujibu wa mita. Makabidhiano yameandikwa kwenye daftari la zamu na kusainiwa na mimi pamoja na msimamizi wa zamu. Baada ya makabidhiano sikuwa na ufunguo wa sefu. Nimearifiwa kwamba hesabu ya saa 3 asubuhi iliyofuata ilikuwa shilingi 1,060,000. Sijui upungufu huo ulitokeaje.
>
> Kabla ya makato sikupewa maelezo ya maandishi ya deni hilo, wala nafasi ya kulipinga. Aidha, kiasi kilichokatwa kinazidi robo ya mshahara wangu wa shilingi 400,000.
>
> Naomba nirejeshewe shilingi 180,000, na nipewe nakala ya ukurasa wa daftari la makabidhiano wa tarehe hiyo. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 7 za kazi. Tusipofikia muafaka, nitawasilisha suala hili Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Zingatia "Sijui upungufu huo ulitokeaje." Itakuuma kuiandika kwa sababu moyoni unaamini unajua. Iandike. Ndiyo sentensi inayokufanya uaminike kwenye zile nyingine zote, na hakuna mtu atakayeweza kukushtaki kwa kusema hujui. Zingatia pia kwamba maneno "kwa makusudi", "njama", "dhuluma" na "kunikomoa" hayamo. Hayo yanaeleza nia ya mtu, na nia ya mtu huioni. Unaona tarehe, kiasi na sahihi.

Kama ungekuwa umeona kwa macho msimamizi akitoa noti kwenye sefu, ningekuambia uandike: saa ngapi, ulisimama wapi, uliona mkono ukifanya nini, nani mwingine alikuwepo. Ungeishia hapo bila kuongeza neno "wizi". Vivyo hivyo kama amewahi kukutaka kimapenzi ndipo akutolee shoti: hilo ni lalamiko zito linalostahili barua yake, lenye tarehe na maneno aliyotamka. Lisiwe mstari wa pembeni kwenye barua ya makato, maana litaonekana limebuniwa kukoleza.

Siku zako nazo zihesabu. Mgogoro wa makato unapaswa kufika CMA ndani ya siku 60 tangu ulipotokea (kuachishwa kazi ni siku 30). Kama mshahara uliokatwa ulitoka 31 Machi, siku ya 60 ni 30 Mei. Mwajiri anaweza kukujibu kwa upole, "tunalishughulikia", wiki baada ya wiki, hadi tarehe ipite. Barua yako haisimamishi siku hizo. Ukifika siku ya 40 bila hela mkononi, nenda ofisi ya CMA iliyo karibu uchukue Fomu Namba 1, ijaze, mpe mwajiri nakala na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa itakubidi uombe kwanza kuongezewa muda, ukieleza kila siku uliyochelewa.

Barua ipeleke kwa mkono, nakala mbili. Moja wagonge muhuri wa mapokezi, waandike tarehe na jina la aliyepokea, ubaki nayo. Kabla hujaipeleka, piga picha hati ya mshahara na ukurasa wa daftari kama unaruhusiwa kulishika. Daftari lenyewe usilitoe ofisini, hata kwa saa moja, maana hiyo nayo wataiita wizi.

Yapo mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma tu hapa. Ukiitwa polisi, usiende bila wakili au msaidizi wa kisheria, na usitoe maelezo ya maandishi kabla hujaongea naye. Ukipewa wito wa kikao cha nidhamu, una haki ya muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Tafuta msaada siku hiyohiyo. Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria. Afisa Kazi wa mkoa naye mlango wake uko wazi.

Na kama katika hasira uliipeleka ile barua ya kwanza kabla ya kusoma hapa, usiifuate na ya pili yenye kujitetea, wala usimpigie msimamizi simu kumwomba radhi. Simu hiyo itasimuliwa vingine. Andika mistari mitatu kwa meneja: "Rejea barua yangu ya tarehe fulani. Naondoa aya zote zinazomhusu msimamizi na mhasibu, zinazotaja TRA na mitandao, na maneno ya kuacha kazi. Sikukusudia kuacha kazi na ninaendelea na majukumu yangu. Dai langu la makato ya shilingi 180,000 linabaki kama lilivyo kwenye barua niliyoiambatisha." Gonga muhuri, kisha kesho yake nenda kazini kwa zamu yako kama kawaida, kwa wakati.